Kwangu Inafunguka

Jina la Mkaguzi hakupewa na mzazi wala na serikali. Alipewa na wenzake wa kiwanda cha uchapaji, enzi zile gazeti lilipokuwa bado la karatasi na yeye ndiye mtu wa mwisho kulisoma kabla mitambo haijaanza kunguruma. Kiwanda kilikufa, jina likabaki. Muuza chai wa kona alizoea kusema kwamba Mkaguzi huisoma chai kwanza ndipo ainywe. Mkewe hakuona cha kuchekesha. Aliondoka zamani, akasema amechoka kusahihishwa, akaolewa na dereva wa lori asiyejali mtu anatamka nini ilimradi chakula kiko mezani.

Siku hizi alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Ndani mlikuwa na kompyuta, taa mbili za kupigia picha, na zulia kuukuu alilolipigilia ukutani ili sauti isirudi. Watu walimletea video zao: kwaya, mwalimu wa hesabu, fundi wa kutengeneza friji, kila mwenye neno la kuwaambia walimwengu. Yeye alizikata, akaziunga, akaziandikia, kisha akazipandisha mtandaoni. Kupandisha ndiko alikokupenda. Kukata na kuunga, alisema, hata kijana wa jana anaweza; kazi ya mtu mzima iko pale mwisho, kabla kidole hakijabonyeza Chapisha.

Na hapo mwisho alikuwa na sheria yake. Ukutani, juu ya kompyuta, alibandika kadi iliyofunikwa kwa plastiki, imeandikwa maneno sita kwa herufi kubwa: Kichwa, Maelezo, Tagi, Kava, Lugha, Linki. Kila video, iwe ya harusi au ya msiba, aliiacha kwanza imefichwa, akasoma kadi kwa sauti, akakagua neno moja moja huku mteja ameketi kando anapiga miayo. Wengine walimnung'unikia. Yeye aliwaambia haraka haraka haina baraka, na kwamba tangu aanze kazi hiyo hajawahi kuaibisha mtu. Ilikuwa kweli. Ubaya wa ukweli wa namna hiyo ni kwamba mtu huanza kuulalia kama godoro.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, wamefuatana. Huyo alikuwa fundi cherehani hasa, wa kumtazama mtu akipita barabarani akajua kipimo cha bega lake. Lakini ufundi huo ulikuwa umefungiwa kwenye kiwanda cha nguo, kwenye mstari wa mashati, na kazi yake pale ilikuwa kola. Kola tu. Anashona kola, anasukuma mbele, inakuja nyingine. Miaka nenda miaka rudi hakuwahi kuliona shati likikamilika mikononi mwake. Vumbi la pamba lilikuwa limemwingia kifuani, kikohozi kikawa hakimtoki, na msimamizi alikuwa ameshamwambia kwa upole wa kinafiki kwamba anayekohoa sana anawapunguzia wenzake kasi.

Baba yao aliishi na binti huyo. Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukanyamaza. Mzee hakulilia mkono, alililia vifungo. Kila alfajiri binti alimfunga vifungo kabla ya kwenda kiwandani, na kila alfajiri mzee aliangalia dari, kwa aibu, kama anavuliwa badala ya kuvishwa. Siku binti alipoamka amechelewa, mzee alishinda na fulana na hakukubali kutoka hata barazani.

Hapo ndipo binti alipoanza kukata na kutupa, kukata na kutupa, kwa vitambaa vya shuka kuukuu. Hatimaye akapata shati. Kwa macho ni shati la kawaida, na vifungo vyake mbele vinameta. Lakini vile vifungo ni pambo tu, vimeshonewa juu. Chini yake kuna utepe wa kunata. Mkono uliolala unaingizwa kwanza, kwenye kwapa alilolipanua na kulifungua hadi ubavuni, na ndani ya ukingo kuna kitanzi cha kuingiza kidole gumba, unavuta shati lote kuja upande wa pili bila kuomba msaada. Siku mzee alipolivaa mwenyewe alitoka nje akawasalimia majirani wote, hata wale aliokuwa amegombana nao.

Basi ikatokea kwamba kituo kimoja cha mazoezi ya tiba, kinachohudumia waliopooza, kilitangaza kuwa kinafungua chumba cha ushonaji. Kilitafuta fundi wa kukiongoza. Vyeti hawakuvitaka. Walitaka nguo iliyobuniwa kwa mgonjwa, video ya wazi kwa Kiswahili inayoonyesha inavyovaliwa, na chini ya video linki ya mchoro wa kukatia, ili fundi wao auchapishe, akate, ashone, aone kama nguo inatoka kweli au ni maneno. Mwisho ilikuwa Ijumaa. Baada ya Ijumaa, mlango unafungwa.

Binti alikuja kwa kaka yake na pamba ya kiwandani bado iko nywelini.

"Kaka," alisema, "hii ndiyo yangu. Hii ikinipita, mimi nitafia kwenye kola."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Wewe utanisaidia au nitafute mtu?"

"Utafute mtu!" Mkaguzi aliudhika kweli. "Mimi nipo hapa kama picha ya ukutani? Leta shati, mlete na Baba."

Walipiga video Jumapili, barazani kwao, mzee ameketi wima kama anasubiri hakimu aingie. Hakuambiwa aigize. Alivaa, akavua, akavaa tena, na mwishoni akaweka kalamu zake mbili mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaitazama kamera kwa kiburi ambacho kilikuwa kimepotea nyumbani humo muda mrefu. Mkaguzi alilia nyuma ya kamera. Akasingizia vumbi.

Jumanne, binti alipotoka zamu, wakakaa mbele ya kompyuta. Mchoro ulikuwa tayari: binti aliuchora kwa penseli, vipimo vyote vya mdogo, wa kati na mkubwa, na Mkaguzi akaupiga picha kwa mashine, akauweka kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, akanakili linki. Kisha akaisogelea kadi.

"Kichwa."

Binti alikuwa ameandika: Tazameni maajabu ya shati hili.

"Maajabu gani?" alisema Mkaguzi. "Mwenye mgonjwa nyumbani hatafuti maajabu. Jiweke mahali pake. Mumeo amepooza, umeshika simu, unaandika nini?"

Binti alifikiri. "Naandika... jinsi ya kuvaa shati kwa mkono mmoja."

"Ehee. Na maneno ya maana yatangulie, maana simu hukata mkia." Akaandika: Vaa shati kwa mkono mmoja: jinsi ya kulikata na kulishona. Akalisoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Maelezo."

Maelezo nayo akayapindua. Binti alianza na shukrani kwa Mungu, kwa Baba, kwa kaka na kwa kituo. Mkaguzi alizishusha shukrani zote chini. Alimwonyesha kwamba mtazamaji huona mistari michache tu ya mwanzo, mingine imefichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo mstari wa kwanza useme nguo ni ya nani, wa pili uwe linki ya mchoro. "Mungu hana haraka," alisema, "mgonjwa anayo."

Kwenye tagi hakukawia sana. Alisema tagi ni chumvi, na hakuna aliyewahi kushiba chumvi, lakini akaweka yale maneno ambayo watu huyaandika kwa kukosea, kiharusi kwa namna tatu, kupooza kwa namna mbili, ili hata asiyejua kuandika afike.

Kava ndiyo iliyowagombanisha. Binti alitaka picha yake mwenyewe akitabasamu na shati mkononi. Alikuwa ameazima hereni kwa ajili hiyo. Mkaguzi alikataa. Alichukua picha ya kidole gumba cha mzee ndani ya kitanzi, shati likiwa nusu ya safari, akaipunguza mpaka ikawa kama ukucha.

"Hivi ndivyo watakavyoiona kwenye simu. Sasa weka na ya kwako hapo kando. Unaona nini?"

"Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Haonekani," binti alikiri, akacheka mwenyewe. "Hereni ndizo zinaonekana."

Akaandika maneno mawili tu juu ya picha, Mkono mmoja, akayapeleka upande wa kushoto, maana kona ya chini kulia hufunikwa na saa ya urefu wa video. Vitu kama hivyo ndivyo alivyovijua, na alivijua barabara.

Kwenye lugha akakamata samaki. Mpangilio ulikuwa umebaki Kiingereza kutokana na mteja aliyetangulia. "Unaona?" alifoka kwa furaha. "Unaona faida ya kadi? Kituo kimesema Kiswahili, sisi tungejiandikisha Kiingereza!" Akabadilisha lugha ya video, akabadilisha ya kichwa na maelezo, akakagua maandishi ya chini ambayo aliyaandika mwenyewe neno kwa neno kwa ajili ya wasiosikia, akahakikisha nayo yameandikishwa kwa Kiswahili. Akajinyoosha kitini kama aliyeokoa jahazi.

"Linki," alisema.

Ziko mbili: ya mchoro na ya ukurasa wa kituo. Akabonyeza ya kituo, ikafunguka. Akabonyeza ya mchoro. Ukajitandaza skrini nzima, kwapa, ubavu, kitanzi, kila mstari umekaa mahali pake. Kwa kuwa yeye ni yeye, hakuridhika na kompyuta peke yake. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza na huko. Mchoro ukafunguka tena.

"Inafunguka," alisema. "Huku na huku."

Akabonyeza Chapisha. Binti alishika mdomo kwa mikono miwili. Wakanunua soda duka la mbele, wakanywa wakiwa wamesimama.

Kesho yake maoni yakaanza kuingia. Wengi walimsifu mzee. Mwanamke mmoja aliandika kwamba amelia. Kisha mwingine: Asanteni sana, ila linki ya mchoro haifunguki. Mkaguzi akabonyeza. Ikafunguka. Akajibu kwa heshima: Inafunguka, angalia bando lako. Mwingine akaandika: Haifunguki jamani. Akabonyeza tena, kwa kompyuta na kwa simu, na mchoro ukamjia bila kusita, mtiifu kama mbwa wa nyumbani. Akajibu: Kwangu inafunguka. Wa tatu akaandika: Nimeomba, nasubiri. Huyo alimchekesha. Akamjibu: Hakuna cha kuomba ndugu, bonyeza tu.

Mchana binti alimpigia akiwa mapumzikoni. Nyuma yake mashine za kiwanda zilisikika.

"Kaka, ile linki... watu wanasema haifunguki."

"Watu gani?"

Akakohoa. "Watu tu."

"Waambie hao watu wajifunze kutumia simu. Mtu anashika simu ya maana, kuitumia hajui, lawama kwa mwenye video! Nimekagua mara mbili, mdogo wangu. Kwangu inafunguka."

"Haya, kaka."

"Wewe shona kola zako kwa amani. Ndiyo za mwisho hizo."

"Haya," alisema tena, na kengele ya kiwandani ikalia.

Ijumaa ikaja, ikapita. Jumatatu yake binti aliomba ruhusa ya kufika zamu kwa kuchelewa, akaenda kupima afya, ili kituo kikimwita asiwe na la kusingiziwa. Aliazima tena zile hereni. Baba alianza kuwaambia majirani kwamba binti yake anakwenda kuwa mkuu wa idara, na alipoulizwa idara gani alijibu: "Ya mashati, unadhani idara lazima iwe ya fedha?"

Simu ilikuja wiki iliyofuata. Binti hakumpigia kaka yake. Alikuja mwenyewe, moja kwa moja kutoka kazini, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa.

"Wamechagua mtu," alisema.

Mkaguzi akazima sauti ya kompyuta. "Wamesemaje?"

"Amenipigia fundi wao mwenyewe, mama mmoja mpole. Amesema shati letu ndilo lililowapendeza kuliko yote. Amesema walimtazama Baba mara nne. Lakini sheria ni mchoro, na mchoro hawakuupata. Anasema waliomba ruhusa mara mbili, hakuna aliyewajibu."

"Ruhusa ya nini? Mchoro upo wazi! Ngoja." Akageukia kompyuta, akabonyeza. Ukafunguka. "Si huu hapa? Si unauona? Hao ndio hawajui..."

Binti hakutazama kompyuta. Alitoa simu yake ndogo yenye ufa, akaitafuta video, akabonyeza linki, akamwekea mezani.

Skrini ilikuwa nyeupe. Katikati paliandikwa kwamba hana ruhusa ya kuona faili hili, na chini yake palikuwa na kitufe: Omba ruhusa.

Mkaguzi hakuwahi kuuona ukurasa ule. Angeuona wapi? Kompyuta ilikuwa yake, simu ilikuwa yake, na zote mbili zilikuwa zimeingia kwa akaunti ileile iliyoweka mchoro pale. Mwenye nyumba hapigi hodi. Alipoupandisha mchoro hakuugusa mpangilio wa nani aone, ukabaki kama unavyozaliwa, wa kwake peke yake. Na alipokagua, alikagua kwa funguo zake mwenyewe. Kumbe mtu aliyewaza kama mwenye mgonjwa kwenye kichwa, na kwenye kava, na hata kwenye chumvi ya tagi, alipofika kwenye mlango wenyewe aliwaza kama yeye. Alielewa yote hayo kwa mara moja.

"Waliomba wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa anaanza kujua.

Maombi hutumwa kwa barua pepe ya mwenye faili. Na Mkaguzi, kwa kuwa hifadhi ile ilikuwa inamletea taarifa nyingi za wateja, aliziamuru zamani zote ziende zenyewe kwenye kabati la pembeni la barua pepe, zisimsumbue akisoma. Hakuwahi kulifungua. Sasa akalifungua.

Zilikuwa zimepangana kama watu kwenye foleni ya maji. Juu kabisa, mpya, mwanamume asiyemjua: Mke wangu hawezi kujivisha, naomba mchoro tafadhali. Chini yake muuguzi. Chini yake mtu ambaye hakuandika neno, ameomba tu. Kisha kituo, Ijumaa: Tunakumbusha, leo ni mwisho, tafadhali turuhusu, tumependa sana kazi hii. Kisha kituo tena, Jumatano. Kisha yule aliyeandika anasubiri, ambaye yeye Mkaguzi alimjibu hakuna cha kuomba. Akashuka mpaka mwisho, kwenye ombi la kwanza kabisa, la Jumanne ileile, wakati ladha ya soda ilikuwa bado mdomoni.

Lilitoka kwenye simu ya mdogo wake. Liliandikwa: Kaka, ni mimi. Naomba nione mchoro wangu.

Alilisoma kama alivyozoea kusoma, mara mbili. Kisha akageuka.

"Kwa nini hukuniambia ni wewe?"

"Nilikuambia haifunguki."

"Ulisema watu!"

"Na wewe ukasema hao watu hawajui kutumia simu." Binti alisema bila hasira, na afadhali angepiga kelele. "Nikaona aibu, kaka. Nikasema, huyu ndiye mjuzi, labda kosa ni langu. Nilishakuomba pale kwenye kitufe tangu Jumanne, nikaendelea kusubiri. Nikafikiri labda ndivyo inavyokuwa, mpaka Ijumaa ipite."

Kichwani mwa Mkaguzi maneno yalikuja mengi, yote yamepangika vizuri, na kila moja lilikuwa la kujitetea. Akayaacha. Alijichukia, na hakukuwa na kona ya chumba kile ambamo hakuiona kadi yake ikimng'alia.

Akaufungua mpangilio wa mchoro. Ulikuwa mguso mmoja tu: kutoka mimi peke yangu, kwenda yeyote mwenye linki. Linki ilibaki ileile. Kisha akaanza kuyaruhusu maombi, moja baada ya jingine, kuanzia juu. Alipofika la mwisho akabonyeza nalo, na simu yenye ufa ikatetemeka pale mezani. Umeruhusiwa.

Binti aliichukua, akaubonyeza mchoro. Akautazama kwa muda, kwapa lake, kitanzi chake. Akakohoa.

"Sasa inafunguka," alisema.

"Nitawapigia. Nitakwenda mimi mwenyewe, nitawaambia kosa ni langu, niko tayari kupiga magoti..."

"Yule aliyechaguliwa ameshaanza kazi. Naye ana watoto." Akaiweka simu mkobani, akasimama. "Ila nakuomba kitu kimoja. Baba usimwambie habari ya linki. Mwambie wamepata shati zuri kuliko letu. Akijua ni wewe, ataugua upya."

"Tumdanganye Baba kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yake," alisema binti, akaenda.

Mkaguzi alikaa mpaka mwenye duka la madaftari akamgongea kufunga lango. Aliing'oa kadi ukutani, akakaa nayo mkononi. Hakujua aongeze nini wala afute nini, maana maneno yote sita yalikuwa sahihi. Akairudisha palepale.

Jumapili alikwenda kwao. Binti hakuwapo, kiwanda kilikuwa na oda kubwa, walioikataa zamu ya Jumapili walijulikana kwa majina. Mzee alikuwa anavaa. Alimwashiria mwanawe akae, asimsaidie, akaingiza mkono uliolala, akatafuta kitanzi kwa kidole gumba, akavuta. Ilimchukua muda, lakini hakukuwa na aibu usoni. Akaweka kalamu mbili.

"Kwa hiyo kuna shati lililolishinda hili," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Wewe umeliona?"

"Bado, Baba."

"Basi hilo litakuwa linajivaa lenyewe, mtu amelala." Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki kumsikiliza. Kisha kicheko kikaisha. "Nimekaa mahakamani maisha yangu yote, mwanangu. Najua faili linavyoangaliwa na mtu mzembe. Hao hawakulifungua. Walipita juu juu. Wangekuwa na mtu mmoja tu kama wewe pale, mtu wa kukagua, dada yako leo asingekuwa kiwandani."

Mkaguzi amewahi kumsahihisha bwana harusi katikati ya kiapo. Amewahi kumsahihisha hakimu rafiki ya baba yake, sebuleni humohumo, tarehe ya siku ya kuzaliwa kwa hakimu mwenyewe. Sasa alimtazama baba yake, akaona kola ya shati imekunjika nyuma, akainuka akamnyooshea.

"Ndiyo, Baba," alisema.